Shingo ya talusi ikivunjika, kwanza tuulize ni kiungo kipi kimehama

Katika barua nyingi za rufaa ninazopokea, mgonjwa huja na maneno machache tu: "shingo ya talusi imevunjika". Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Mimi ninaamini kwamba barua ya namna hiyo ambayo haitaji kiungo kilichohama imeacha jambo linaloamua zaidi kuliko lolote kama mfupa huo utaendelea kuishi au utakufa kwa kukosa damu.

Talusi ni mfupa uliokaa kati ya muundi na mfupa wa kisigino. Hakuna msuli wala kano inayojishikiza juu yake, na takriban asilimia 60 ya uso wake imefunikwa na gegedu, ambayo hairuhusu mishipa ya damu kupenya. Kwa hiyo mishipa hulazimika kuingia kupitia sehemu chache zilizobaki wazi, hasa kwenye shingo. Ateri kubwa inayolisha kiwiliwili cha talusi hutokana na ateri ya nyuma ya muundi, ikapita katika mfereji mwembamba ulio chini ya shingo, na humo hukutana na tawi linalotoka upande wa nje wa mguu. Kutoka hapo damu nyingi husafiri kurudi nyuma, kutoka shingoni kuelekea kwenye kiwiliwili, kama maji ya bomba yanayoingilia lango la mbele ili yafike nyumba ya uani. Lipo pia tawi dogo linaloingia upande wa ndani, likiwa limejificha ndani ya ligamenti ya deltoidi, na vipo vimishipa vichache vinavyoingilia nyuma. Tawi hilo la deltoidi tutalirudia, kwa sababu katika majeraha mabaya mara nyingine ndilo pekee linalobaki.

Mwaka 1970 daktari Hawkins aliyapanga majeraha haya kwa kuangalia jinsi vipande vilivyohama. Katika aina ya kwanza ufa upo, lakini hakuna kilichosogea. Katika aina ya pili, kiungo kilicho chini ya talusi kimeteguka, huku kiwiliwili kikiwa bado kimekaa mahali pake chini ya muundi. Katika aina ya tatu kiwiliwili kimechomoka pia kwenye kifundo cha mguu. Mwaka 1978 Canale na Kelly waliongeza aina ya nne, ambapo hata kichwa cha talusi kimeachana na mfupa wa navikula ulio mbele yake. Uzuri wa mpango huu ni kwamba unafuata mishipa yenyewe: kila kiungo kinachohama huongeza idadi ya mishipa iliyokatika. Katika wagonjwa wa Hawkins hakuna mfupa wa aina ya kwanza uliokufa, katika aina ya pili ilikufa asilimia 42, na katika aina ya tatu asilimia 91.

Takwimu hizo za aina ya tatu bado zinatajwa wodini kana kwamba ni hukumu, na hilo linanisikitisha, kwa sababu taarifa za miaka ya karibuni, baada ya mbinu za kufunga mfupa kuboreka, zinaonyesha viwango vya chini zaidi. Mwaka 2014 Vallier na wenzake waligawa aina ya pili sehemu mbili: ile ambayo kiungo cha chini kimeteguka kidogo tu, na ile ambayo kimechomoka kabisa. Katika sehemu ya kwanza hawakuona mfupa uliokufa hata mmoja, ilhali katika sehemu ya pili ulikufa takriban robo. Ninapenda mgawanyo huo kwa sababu unamlazimisha anayesoma picha aangalie kiungo chenyewe, asiridhike na kuuona ufa.

Chukulia kijana wa bodaboda aliyegonga gari kwa mbele huku akikanyaga breki kwa nguvu. Nyayo ilisukumwa juu kwa ghafla, na shingo ya talusi ikajigonga kwenye ukingo wa muundi hadi ikakatika. Alipofika, ngozi ya nyuma ya kifundo, upande wa ndani, ilikuwa imevutika hadi imepauka, na kidole gumba kilikuwa kimejikunja na hakinyooki. Dalili hizo mbili zinatosha kukushtua kabla ya eksirei, kwa maana kiwiliwili cha talusi kimesukumwa nyuma na kinaikaza kano ya kidole gumba inayopita hapo. Eksirei ilithibitisha aina ya tatu.

Kinachotakiwa usiku huohuo ni kuurudisha mfupa mahali pake. Mgonjwa hulazwa usingizi wa dawa, goti hukunjwa ili misuli ya shavu la mguu ilegee, nyayo huelekezwa chini, kisigino huvutwa, na kiwiliwili husukumwa kwa vidole kirudi mbele. Kikikataa, jeraha hufunguliwa. Daktari anayefungua upande wa ndani ailinde ligamenti ya deltoidi kwa gharama yoyote, kwani tawi lililomo humo huenda ndilo tegemeo la mwisho. Kufunga kwa skrubu ni suala jingine, nalo linaweza kusubiri siku kadhaa hadi uvimbe ushuke na kipimo cha CT kipatikane. Ucheleweshaji wa kufunga haujaonekana kuongeza vifo vya mfupa, ila kuuacha mfupa umechomoka kunaua ngozi na kuubana mshipa wa fahamu. Ninaona makosa kuyachanganya mambo haya mawili, ama kwa kumpasua mgonjwa usiku wa manane bila vifaa, ama kwa kumwacha na mguu uliochomoka akisubiri zamu ya upasuaji.

Kati ya wiki ya sita na ya nane kijana huyo anatakiwa kupigwa eksirei ya mbele ya kifundo, na miadi hiyo ndiyo inayopotea kuliko zote. Tunachotafuta ni mstari mweusi mwembamba chini tu ya gegedu ya paa la talusi, unaoitwa alama ya Hawkins. Mfupa usiobeba uzito hupunguza madini yake, lakini hauwezi kuyapunguza pasipo damu ya kuyachukua. Mstari ukionekana, damu inafika. Kwake ulionekana nusu ya ndani tu, na upande wa nje ukabaki mweupe, picha inayolingana kabisa na tawi la deltoidi lililosalimika. Mstari usipoonekana si uthibitisho kwamba mfupa umekufa. Hapo husubiriwa eksirei za miezi inayofuata, au hufanywa kipimo cha MRI, ambacho husomeka vizuri zaidi kama skrubu ni za titani kuliko za chuma cha pua.

Hakanyagi chini hadi mfupa uunge, kwa kawaida wiki 10 hadi 12. Baada ya hapo simzuii kwa miaka kwa hofu ya upande wa nje ulio mweupe, kwa sababu mfupa uliokosa damu unaweza kuunga, na mara nyingi damu hurudi polepole bila paa kuporomoka. Ninachomwambia waziwazi ni kwamba aje kupigwa picha kwa miaka miwili, na kwamba maumivu atakayoyasikia akitembea kwenye ardhi yenye mawe huenda yasitokane na mfupa kufa hata kidogo, bali na kiungo cha chini ya talusi kilichochakaa, ambacho huwapata wagonjwa wengi zaidi.