Kifuniko kimoja cha soda: tangazo la mbolea ya DAP liseme kiasi gani?

"Tangazo la mbolea la sekunde 30 lionyeshe kipimo, ama litaje jina tu mkulima aende kuuliza dukani?"

Wanaotaka jina tu wana hoja, mi siwapuuzi. Sekunde 30 redioni ni maneno kama 60 ukisoma pole pole, na ukianza kutaja gramu na sentimita mtu anayepalilia huku redio iko kwa mti hashiki kitu. Alafu muuza pembejeo anajua udongo wa pale kwao kuliko sisi tulioko studio.

Lakini dukani siku ya kwanza ya mvua kuna foleni, muuzaji anapima kilo mbili mbili kwa kaveera, nani atapata muda wa kueleza? Kwa hiyo mimi niko upande wa kuonyesha, ila kuonyesha nusu ni hatari kuliko kunyamaza, na hili nimelijifunza vibaya.

Niliwahi kuandika skripti ya vidio fupi ya watsapu, ya wakulima wa mahindi huku Bweyale, Uganda, na mstari wenyewe ulikuwa "kifuniko kimoja cha soda, shimo moja". Ulishika sana, hadi watoto walikuwa wanausema. Baadaye mama mmoja akanipigia, gunia la kilo 50 limeisha na shamba la eka moja liko nusu, akadhani amepunjwa. Kumbe hakupunjwa. Kifuniko kinabeba kama gramu 5. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, eka inatoa mashimo kama 9,000, hiyo ni kilo 45, gunia linatosha. Yeye alipanda 75 kwa 30, mbegu moja moja, mashimo 18,000, inataka kilo 90. Kwa nafasi hiyo angetumia nusu kifuniko. Kosa lilikuwa langu, nilitaja kipimo bila kutaja nafasi, na iliniuma kwa sababu ile ni pesa ya mtu.

Siku hizi kwa vidio naanza na kamba yenye mafundo kila sentimita 60, mkono unaweka kifuniko kwa fundo, unafunika na udongo kidogo, ndio mbegu mbili zinaingia. Hapo kwenye udongo sikati hata sekunde moja, kwa sababu DAP ikigusa mbegu inaichoma, na mkulima akiona mapengo kwenye mstari analaumu mbegu. Redioni, ambapo kamba haionekani, nasema hivi: "Mbegu mbili kwa shimo? Kifuniko kimoja. Mbegu moja? Nusu. Funika na udongo kwanza, ndio uweke mbegu." Jina la bidhaa linakuja mwisho, mara moja. Wenye kampuni wanalalamika jina ni kidogo, na kwa kweli wao ndio wanalipa, lakini mkulima ambaye gunia lilimtosha ndiye anarudi kununua msimu wa pili.