Mfuko umepata 12%, umetangaza 8%: nani kapunjwa?

Riba inayopambwa kwenye jalada la ripoti ya mfuko wa akiba ya wafanyakazi imeamuliwa kikaoni na bodi ya wadhamini. Faida ambayo fedha za wanachama zimezaa ni namba nyingine, nayo mara nyingi inabidi uikokotoe mwenyewe kwenye hesabu za ndani. Zisipolingana, ugomvi huanza.

Tuchukue mfuko wa kubuni, hesabu zote zikiwa kwa mamilioni. Mwanzo wa mwaka akaunti za wanachama zina jumla ya 1,000, na pembeni kuna fungu la tahadhari la 30. Michango inaingia 200, wanaoondoka wanalipwa 120. Uwekezaji unaleta 110 za riba ya hati fungani, gawio na kodi ya majengo, na 40 nyingine kwa sababu tu bei za hisa na thamani ya majengo zimepanda. Gharama za uendeshaji ni 24. Zinabaki 126. Michango na malipo hutawanyika mwaka mzima, kwa hiyo wastani wa fedha za wanachama ni kama 1,040, na faida halisi ni asilimia 12 na ushei. Bodi inatangaza 8.

Wanachama wanaingiziwa 83, na 43 zinakwenda kwenye fungu la tahadhari, ambalo sasa lina 73. Anayesema kapunjwa ana namba za kuonyesha. Lakini weka kando zile 40 za kupanda kwa bei: 110 ukitoa 24 ni 86, yaani asilimia 8 na kidogo. Kumbe bodi imegawa karibu mapato yote ya kawaida, ikazuia ongezeko la thamani ya mali ambazo bado hazijauzwa. Ina sababu. Riba ikishaingia kwenye akaunti ya mwanachama kwa kawaida hairudishwi, ilhali hisa zilizopanda mwaka huu zinaweza kuporomoka mwakani. Na pengine kuna kiwango cha chini ambacho hakikwepeki: Malaysia, sheria inautaka mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, EPF, ulipe angalau 2.5% kwa mwaka kwenye akiba za mfumo wa kawaida, usio wa Kiislamu, soko liwe limepanda au limeanguka.

Hata zile 110 usizipokee bila kuzikagua. Fungua maelezo ya hesabu utafute wadaiwa. Kodi ya pango huandikwa kuwa mapato hata kama mpangaji hajalipa, na deni hilo likikua kila mwaka, basi sehemu ya riba iliyotangazwa imesimama juu ya fedha ambazo hazijafika.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Anayestaafu mwaka huu anaondoka na 8 yake, na sehemu yake ya zile 43 inawabakia wanaokuja nyuma. Anayetoka kabla riba haijatangazwa mara nyingi hupewa riba ya muda, ambayo bodi huiweka chini kwa makusudi isije ikalipa kupita kiasi. Zaidi ya hapo, fungu lisilo na kanuni ni silaha mkononi mwa bodi: inaweza kulilimbikiza bila kikomo, au kulichota mwaka inapotaka kupendeza.

Kwangu mimi, 73 mbele ya madeni kwa wanachama ya 1,163, kama asilimia 6, si ulimbikizaji wa kutisha. Ninachokitafuta ni sera iliyoandikwa: fungu lisishuke chini ya kiwango gani, lisizidi kipi, na likizidi wanachama wanapewa nini. Isipokuwepo, panga ripoti za miaka mitano kwa mpigo. Fungu likikua hata miaka mibaya, wanachama wanabaniwa. Riba ikizidi faida halisi mwaka baada ya mwaka huku fungu likisinyaa, inalipwa kwa jasho la miaka iliyopita na haitadumu.

Gharama ndizo zinazofichwa kwa ustadi zaidi. Zile 24 ni asilimia 12 ya michango, 16 ya mapato ya uwekezaji, lakini 1.9 tu ya mali zote za mwisho wa mwaka. Ripoti itachagua namba inayoupendeza uongozi. Mfuko mchanga una haki ya kujitetea, maana kutunza akaunti yenye fedha kidogo kunagharimu sawa na kutunza nono. Kuna pia tofauti za mfumo: India, mwajiri hulipa ada ya usimamizi ya EPFO, shirika linaloendesha mfuko wa akiba wa huko, zaidi ya mchango wake, kwa hiyo kulinganisha asilimia za gharama bila kujua nani analipa ni kupotoshana.

Mimi huzigawanya kwa wastani wa fedha za wanachama: hapa ni 2.3. Zingeshuka hadi 1, na tofauti yote ikaenda kwenye riba, 8 ingekuwa 9.3. Kwa mwaka mmoja ni kitu kidogo. Kwa miaka 30, kila 1 iliyowekwa mwanzoni inafika 10 kwa riba ya kwanza, na zaidi ya 14 kwa ya pili.