Kabla ya kumwaga zege, jaza dumu maji

Watu wengi wanaotaka kujitengenezea vifaa vya mazoezi huanza na zege. Makopo mawili, bomba katikati, zege likishakauka unapata kitu kinachofanana na chuma cha jimu. Sikatai kwamba kinafanya kazi. Ila kwa mtu anayeanza, naona zege ni chaguo baya, na sababu yangu kubwa ni moja: zege likishaganda, uzito wake ndio huohuo milele. Leo ni mzito kupita nguvu zako, baada ya miezi mitatu ni mwepesi, na hakuna unachoweza kufanya zaidi ya kumwaga jingine. Tena makopo mawili hayatoki sawa. Moja likizidi jenzake hata kwa kilo moja na nusu, mkono mmoja unafanya kazi ya ziada kila siku.

Misuli hukua kwa kuongezewa kazi kidogo kidogo. Kifaa kizuri cha nyumbani basi ni kile unachoweza kukiongezea uzito kidogo, ukajua umeongeza kiasi gani. Hapo dumu la maji halina mpinzani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukimimina nusu lita, umeongeza nusu kilo, na huna haja ya kumuuliza mtu. Dumu tupu la lita 20 lenyewe lina kama kilo moja, kwa hiyo likijaa unabeba kama kilo 21.

Dumu dogo la lita 5 nalipenda zaidi, maana hilohilo moja linakupa uzito wa aina tatu. Likijaa maji ni kilo 5. Likijaa mchanga mkavu ni karibu kilo 8, kwa sababu lita moja ya mchanga mkavu ina kama kilo moja na gramu 600. Halafu, kwa kuwa kati ya chembe za mchanga kuna nafasi, ukimimina maji juu ya mchanga huo taratibu, yataingia karibu lita mbili kabla ya kufurika. Hapo unafika karibu kilo 10 ndani ya dumu lilelile. Ubaya wake ni kwamba mchanga uliolowa hautoki kirahisi, kwa hiyo dumu ulilolifanyia hivyo liache liwe la kilo 10 moja kwa moja, uliandike ubavuni.

Maji yana tabia moja ambayo wengi hawaifikirii mpaka wanyanyue. Dumu lililojaa hadi shingoni linatulia. Dumu lililojaa nusu linacheza: ukilivuta, maji yanabaki nyuma, kisha yanakuja kwa kishindo. Kwa kutembea nalo mkononi hilo si baya, linakufundisha kujikaza kiuno. Kwa kunyanyua juu ya kichwa ni hatari, bega linavutwa upande usiotarajiwa wakati mkono umenyooka. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kinachopita juu ya kichwa kiwe dumu dogo lililojaa kabisa, na kinachobaki chini ya kiuno ndicho kiruhusiwe kuwa na nafasi. Sikiliza pia. Maji yakianza kugonga kuta za dumu kwa nguvu, ujue unalirusha badala ya kulivuta. Punguza kasi mpaka sauti itulie.

Mkono wa dumu nao ni mwembamba, unakata vidole kabla mgongo haujachoka. Uzungushie kitambaa au kipande cha tyubu ya baiskeli, ufunge. Na kila baada ya siku chache uangalie pale mkono unapoungana na dumu. Plastiki iliyokaa sana juani huwa inakauka na kuwa dhaifu, na kabla ya kupasuka mara nyingi huonyesha mistari myeupe kwenye kona. Ukiona weupe huo, dumu lirudi kwenye kazi ya kuteka maji, lisinyanyuliwe tena.

Sasa mchanga. Dumu ni zuri kwa kuvuta, kusukuma na kubeba, lakini kwa kuinua mzigo mzito kutoka chini halifai sana, kwa sababu lina mkono mmoja na kona ngumu zinazochimba mapaja. Hapo ndipo mfuko wa mchanga unapoingia. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuchukua gunia moja, kulijaza mchanga hadi mdomoni, kulifunga, na kulitangaza kuwa ni la kilo 50. Hajui kama ni 50 au 70, halikunjiki, halishikiki, na siku ya tatu limeshaanza kuvuja.

Tengeneza vifuko vidogo vya kilo 5, kisha uvipange ndani ya begi moja imara la turubai au mfuko wa salfeti uliowekwa ndani ya mwingine. Kilo 5 za mchanga mkavu ni kama lita 3 na kidogo. Usitumie mchanga mbichi. Una uzito usiotabirika, unaota ukungu na kuozesha begi. Uanike kwanza mpaka ukiukamata kiganjani haushikani. Mimina kwenye mfuko wa plastiki nene, acha nafasi ili mchanga uweze kusogea, sokota shingo, ikunje irudi chini, uifunge kwa ukanda wa mpira. Kisha tia mfuko huo kichwa chini ndani ya mfuko wa pili, ufunge vilevile. Mdomo wa kwanza ukilegea, wa pili bado umeshika. Begi la nje libaki na theluthi moja tupu, ili upate pa kushika na mzigo ukunjike kifuani.

Huna mizani? Maji yatakupimia. Chukua fimbo iliyonyooka, uifunge kamba katikati kabisa na kuitundika. Upande mmoja ning'iniza dumu lenye lita 5 za maji. Upande wa pili, kwa umbali uleule kutoka katikati, ning'iniza kifuko cha mchanga pamoja na dumu tupu la aina hiyohiyo, ili uzito wa plastiki usikudanganye. Ongeza au punguza mchanga mpaka fimbo ilale sawa. Kifuko hicho sasa ni kilo 5 za kweli, na vingine vyote unavipima kwa njia hiyohiyo.

Tuchukue mtu wa kilo 60, mzima wa afya, ambaye hajawahi kushika chuma. Ana madumu mawili ya lita 20, mawili ya lita 5, na begi lenye vifuko vinne, yaani kilo 20. Afanye mazoezi siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.

Aanze na begi akiwa bado na nguvu. Analilaza kati ya nyayo, anapanua miguu kidogo kuliko mabega, anachuchumaa na kulikumbatia kwa chini kabisa, vidole vikutane ikiwezekana. Hapa kuna siri ambayo watu wa mchanga wote wanaijua: usisimame moja kwa moja. Livute kwanza mpaka likae mapajani ukiwa bado umechuchumaa, lisogeze likugande tumboni, vuta pumzi, ndipo usimame nalo. Ukiliacha mbali na mwili, kilo 20 hizo zinaulemea mgongo wa chini kupita kiasi. Dalili ya kukosea ni makalio kupanda kwanza huku kifua kikibaki chini. Seti tatu za marudio 6, apumzike dakika mbili kila baada ya seti. Akishaweza seti tatu za marudio 10 bila mkao wa mwili kuharibika, anaongeza kifuko kimoja, anarudi kwenye 6.

Kisha avute dumu kubwa lenye lita 12. Mkono mmoja umeshika kiti au benchi, mgongo umelala, mkono wa pili unavuta dumu kuelekea kiunoni, si kifuani. Seti tatu za marudio 8 kila upande. Zikifika 12 zote tatu, anaongeza nusu lita tu. Mabega yakizunguka kufungukia juu, ujue maji yamezidi, apunguze.

Madumu ya lita 5 ni ya kusukuma juu ya kichwa, mawili kwa pamoja, seti tatu za 8. Hapa maendeleo ni ya polepole, kwa sababu kutoka kilo 5 hadi 8 ni kuruka kukubwa kwa bega. Njia ni kuongeza marudio hadi 15, na kushusha kwa kuhesabu hadi nne, kabla ya kumimina mchanga. Utafiti wa mazoezi ya misuli umeshaonyesha kwamba uzito mwepesi hujenga misuli karibu sawa na mzito, mradi seti iendelee mpaka ukaribie kushindwa kabisa. Nguvu za kunyanyua mzigo mkubwa mara moja ni jambo jingine. Hizo zinataka mzigo mkubwa.

Mwisho ni kubeba. Madumu mawili makubwa, kila moja lita 10, hatua 30 kwenda na kurudi, mara nne. Shingo ndefu, mabega chini, hatua fupi. Kila wiki anaongeza lita moja kila dumu. Wiki ya 8 ana lita 17 kila mkono, na ukijumlisha plastiki amebeba kilo 36 hivi, zaidi ya nusu ya uzito wake, na kamwe hakuongeza zaidi ya kilo moja mkononi kwa mara moja. Zege lisingeweza kumpa njia hiyo.

Mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kuumia mgongo aongee na daktari kabla ya kugusa begi, kwa sababu kujikaza na kuziba pumzi hupandisha shinikizo ghafla. Na maumivu yanayochoma na kushuka mguuni si uchovu wa misuli. Acha hapohapo.

Mpango huu una mipaka yake, nami sitaificha. Miguu ndiyo hutangulia kuuzidi. Begi likifika kilo 40, wengi hushindwa kulishika vizuri kabla mapaja hayajachoka, kwa hiyo kuanzia hapo ni heri kuchuchumaa kwa mguu mmoja nyuma ukiwa umekumbatia kilo 20, kuliko kuzidi kujaza mchanga. Na hakuna dumu wala begi litakalochukua nafasi ya kujivuta juu kwa kuning'inia. Kwa hilo tafuta tawi au bomba linalohimili uzito wako, ulijaribu kwanza kwa kuning'inia nalo miguu ikiwa bado inagusa chini.