"Usafiri bure" inaweza kumgharimu mteja wa Uingereza

"Nauza vikapu vya Iringa kwa wateja wa Uingereza kupitia soko la mtandaoni, je niandike habari za kodi na forodha kwenye tangazo au nitawatisha? Wenzangu wanasema andika tu bei moja, usafiri bure, tunatuma dunia nzima, basi."

Hao wenzako wana hoja. Mteja anasoma kwenye simu, anaona picha, anaona bei, anaamua. Ukimwekea aya tatu za VAT kabla hata hajajua kikapu kina kipenyo gani anaondoka. Na kuna hoja nyingine nzito zaidi, kwamba figa za kodi zinachacha. Kuna wauzaji kibao walioandika kwenye matangazo yao kwamba mzigo wa chini ya dola 800 unaingia Marekani bila ushuru, na ilikuwa kweli kwa miaka mingi, lakini ilipofika tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ikaufuta msamaha huo kwa nchi zote na yale maneno yakageuka kuwa ahadi ya uongo aliyoiweka muuzaji mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayesema usijifanye afisa forodha kwenye tangazo lako, namuelewa kabisa.

Ila watu wanadhani anayeandika habari za kodi anafanya hivyo kujikinga tu, kwamba mteja akilalamika amuonyeshe alivyoandika. Sio hivyo. Maneno ya tangazo, hasa jinsi unavyoipanga bei, yanaweza kuamua mteja atalipa kodi wapi, na kama atakuta gharama mlangoni au hatakuta. Hapa ndipo ile "usafiri bure" inapoleta shida.

Uingereza ina mpaka wa pauni 135. Mzigo ukiwa na thamani isiyozidi hapo na umeuzwa kupitia soko la mtandaoni, tangu Januari 2021 lile soko ndilo linalokata VAT ya asilimia 20 pale pale mteja anapolipia. Mzigo unaingia, hakuna wa kumdai mteja tena. Ukizidi 135, soko halikati VAT, inadaiwa mzigo ukishafika. Sasa wengi hawajui kwamba kwenye kupima hiyo 135 nauli ya usafiri haihesabiwi, ila kwa sharti kwamba nauli imeonyeshwa peke yake. Ukiimeza ndani ya bei ya kikapu inageuka kuwa thamani ya kikapu.

Tuchukue oda ya vikapu viwili. Muuzaji wa kwanza ameandika kikapu pauni 58, nauli ya oda nzima pauni 28. Thamani ya mzigo ni 116, iko chini ya mpaka. Soko linakata VAT kwenye jumla ya 144, yaani pauni 28.80, mteja anaona 172.80 kabla hajabonyeza kulipa na anaamua akijua. Muuzaji wa pili vikapu ni vile vile na pesa ni ile ile, ila ameandika pauni 72 usafiri bure. Thamani sasa ni 144, imevuka. Mteja anaona 144 anafurahi analipa. Wiki kadhaa baadaye anakuta kadi ya posta mlangoni inamwambia kuna malipo: VAT 28.80 na juu yake ada ya posta yao, Royal Mail, ya kushughulikia forodha, pauni 8 (ukipita Parcelforce, kampuni ya vifurushi, ni zaidi). Hapo nimechukulia ushuru wenyewe ni sifuri, kwa sababu Tanzania iko kwenye DCTS, mpango wao wa kupunguza au kufuta ushuru kwa bidhaa za nchi zinazoendelea, na hilo linategemea uthibitisho wa asili ya bidhaa uwe sawa.

Angalia vizuri, VAT haijabadilika hata senti. Kilichobadilika ni zile pauni 8 ambazo hazikuwa na sababu ya kuwepo, na kwamba mtu aliyeahidiwa usafiri bure anadaiwa pauni 36.80 ili apewe kitu ambacho ameshakilipia. Wengine wanakataa. Royal Mail wanakaa na mzigo kama wiki tatu hivi kisha wanaurudisha, na muuzaji wa Iringa anabaki na refandi ya kulipa, nauli iliyopotea na nyota moja. Mimi hii inaniuma kwa sababu ule mzigo haukuwa na kosa lolote, vikapu vizuri, posta imefika, shida ni mstari mmoja wa tangazo.

Sarafu inaingia hapo hapo. Ukiweka bei kwa dola wakati mpaka ni wa pauni, oda ya dola 175 kwa rate ya 1.30 ni kama pauni 134.60, rate ikienda 1.28 ni pauni 136.70, imevuka bila wewe kugusa kitu. Kama soko linakuruhusu weka bei kwa pauni, au acha nafasi ya kutosha chini ya mpaka. Na andika USD, usiishie kwenye alama ya dola peke yake, maana Mkanada na Muaustralia nao wana dola yao.

Halafu jina la bidhaa. Tangazo likisema "kazi ya mikono ya Kiafrika" na CN22, ile fomu ya forodha ya posta, ikasema "zawadi", afisa hajui ni nini, anaufungua au anaushikilia. Andika kote kitu kile kile: kikapu kilichofumwa kwa mkono, nyasi za milulu, kipya, namba ya HS inayotambulisha aina ya bidhaa forodhani, 4602 19, bei ile ile aliyolipa mteja. Kuna wanaoandika thamani ndogo kumsaidia mteja, na mteja mwenyewe mara nyingine anaomba, lakini ni udanganyifu, afisa akitaka risiti tu umekwisha, na mzigo ukipotea fidia inaishia kwenye kile kidogo ulichoandika.

Kwa hiyo niandike nini? Tenganisha nauli, halafu chini ya vipimo vya kikapu weka maneno machache yasiyo na asilimia za kodi, kwa Kiingereza chepesi kinachosema hivi: "Nauli inaonyeshwa kando. Kwa oda za Uingereza zisizozidi pauni 135 bila nauli, VAT unailipa hapa hapa. Oda kubwa zaidi, VAT, ushuru kama upo na ada ya posta utaombwa kabla ya kukabidhiwa mzigo, na hazimo kwenye bei hii. Tunahitaji siku 3 za kazi kufungasha, safari inaanza kuhesabiwa baada ya hapo, na ukaguzi wa forodha unaweza kuongeza muda." Figa pekee ya sheria humo ni 135 na hiyo inabidi uiangalie, serikali yao imeshatangaza kuondoa msamaha wa ushuru wa mizigo isiyozidi hizo 135 ifikapo Machi 2029.

Mteja akitaka vikapu vinne mshauri kabla hajalipa kwamba oda itavuka mpaka, ajue kabisa ataombwa pesa mlangoni. Kugawa oda moja kuwa vifurushi viwili ili kukwepa usimshauri. Na kama unauza mwenyewe kwa WhatsApp au Instagram bila soko katikati, haya maneno usiyanakili, kwa sababu kwa mzigo usiozidi 135 hakuna wa kukukatia VAT, sheria yao inataka wewe muuzaji ndio usajiliwe HMRC, mamlaka yao ya kodi, uikusanye.