Mapezi 34 au mapezi 20: nafasi ya hewa kwenye hitisinki isiyo na feni

"Kaka, inveta ya pampu yetu huku Chamwino ilikuwa na hitisinki ya mapezi 20. Ilipopasuka nikapata nyingine ya upana na urefu uleule, ina mapezi 34. Sasa inveta inajizima kila ikifika saa saba mchana, wakati ile ya zamani haikuwahi kujizima. Mapezi mengi si ndiyo yanapoza zaidi?"

Mdogo wangu, kwenye picha uliyonitumia naona matundu manne ya skrubu kwenye kona za hitisinki hiyo, lile pande la alumini lenye mapezi linalotoa joto la inveta. Hapo palikuwa na feni. Mapezi yaliyopangwa karibu karibu namna ile yanategemea hewa isukumwe kwa nguvu, na wewe umeyafunga mahali ambapo hewa inatakiwa kupanda yenyewe. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina nafasi yake kati ya pezi na pezi.

Anayetetea mapezi mengi ana hoja ya kweli. Joto hutoka kwenye alumini kupitia uso unaoguswa na hewa, na kila pezi linaongeza uso. Hitisinki yako ya zamani, yenye upana wa milimita 200, urefu wa milimita 150 na mapezi ya unene wa milimita 2 yaliyochomoza milimita 40, ilikuwa na uso wa mapezi wa kama mita ya mraba 0.24. Hii mpya ina 0.41. Kama kila kipande cha uso kingefanya kazi sawasawa, ungepata upoaji zaidi kwa asilimia 70.

Lakini hakifanyi kazi sawasawa, na sababu yake ni ngozi ya hewa ya moto inayojijenga juu ya kila pezi. Hewa iliyo karibu na alumini inapata joto, inakuwa nyepesi, inaanza kupanda. Ngozi hiyo wahandisi wanaiita tabaka la mpaka. Chini kabisa ya pezi ngozi hiyo ni nyembamba sana, na hapo ndipo joto linapotoka kwa kasi. Kadiri unavyopanda inanenepa, kwa sababu hewa mpya inayoingia chini inakuta iliyotangulia imeshashiba joto. Kwa pezi la milimita 150 lililosimama peke yake, kwenye joto la kawaida la inveta, ngozi hiyo ikifika juu ina unene wa kama sentimita moja na nusu.

Sasa simamisha pezi la pili mbele yake, kwa umbali wa milimita 4. Ngozi mbili zinakutana karibu kabisa na mlango wa chini. Kuanzia hapo kwenda juu hakuna tena hewa baridi katikati. Hewa yote ya kwenye mfereji imeshafikia joto la pezi lenyewe, haiwezi kubeba zaidi, na huku kuta mbili zinaikwaruza na kuizuia isipande haraka. Sehemu kubwa ya juu ya mapezi inabaki bati moto lisilomsaidia mtu. Mfereji umekabwa.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili kabisa, wakisema ngozi hizo zisigusane hata kidogo. Nao wana hoja, kwa sababu hapo kila pezi linatoa joto lote linaloweza kutoa. Ila wakifuata kanuni hiyo kwenye upana wako wa milimita 200 watabaki na mapezi machache mno. Swali la fundi ni hitisinki nzima inatoa wati ngapi. Kinachotolewa na pezi moja moja hakimwambii kitu mpaka azidishe kwa idadi.

Swali hilo lina jibu la hesabu. Mtafiti Elenbaas alipima bamba mbili zinazotazamana mwaka 1942, na mwaka 1984 watafiti Bar-Cohen na Rohsenow wakatoa kanuni fupi ya nafasi inayotoa joto jingi kuliko zote:

```
S = 2.714 * L / Ra**0.25
```

`S` ni nafasi kati ya mapezi, `L` ni urefu wa pezi kwenda juu, na `Ra` ni namba ya Rayleigh inayohesabiwa kwa urefu huohuo `L`, ambayo hupima nguvu ya hewa moto kupanda dhidi ya ukinzani unaoizuia. Nikichukua hitisinki ya nyuzi 75, hewa ya nyuzi 35, na hewa ya Dodoma, napata milimita 8 hivi. Mapezi 20 kwenye upana wa milimita 200 yanaacha nafasi ya milimita 8.4. Aliyechora ile ya zamani alijua anachofanya.

Angalia wati zinavyokwenda. Nafasi ya milimita 8.4 na mapezi 20 hutoa kama wati 45. Inveta ya wati 1,500 yenye ufanisi wa asilimia 97 hupoteza kiasi hichohicho, kwa hiyo hesabu ilikuwa imefungana vizuri. Nafasi ya milimita 4 na mapezi 34 hutoa kama wati 15 tu. Ili itoe 45, hitisinki ingelazimika kupanda hadi zaidi ya nyuzi 100, na inveta inajizima kabla ya kufika huko. Ndiyo saa saba yako hiyo, jua likiwa kali na pampu ikivuta kwa nguvu zote.

Kuna jambo ndani ya hesabu hii ambalo wengi hulikosa. Pale kwenye milimita 8, ngozi za mapezi mawili zimeshagusana. Kila pezi limepoteza kama asilimia 15 hadi 20 ya uwezo ambao lingekuwa nao likiwa peke yake. Hasara hiyo inakubalika kwa sababu imetuletea mapezi ya ziada. Kwa hiyo mwenye kusema "yasigusane kabisa" anakosea kidogo, na mwenye kusema "jaza tu" anakosea sana.

Nasema sana kwa makusudi, maana adhabu za pande hizi mbili hazilingani. Ukikosea kwa kupanua nafasi mara mbili, yaani milimita 16 na mapezi 12, bado unapata wati 32. Ukikosea kwa kuibana nusu, unabaki na 15. Mfereji ukishakabwa, kinachoamua ni kiasi cha hewa kinachopita, na kiasi hicho kwenye kila mfereji hupungua kwa mchemraba wa nafasi. Punguza nafasi iwe nusu, hewa inakuwa sehemu moja ya nane. Mifereji imeongezeka, ndiyo, lakini haiwezi kufidia pengo hilo.

Kwetu huku kati ya nchi kuna mambo mawili yanayonifanya niegemee upande wa nafasi pana. La kwanza ni mwinuko. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takribani asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi inasukumwa kwa nguvu ndogo zaidi, ngozi zake ni nene zaidi. Hitisinki hiyohiyo ikiwa pwani ingetaka milimita 7.5, huku inataka 8. Tofauti ni ndogo, lakini yote inakwenda upande mmoja.

La pili ni vumbi, na hili si dogo. Kiangazi cha Chamwino unakijua, upepo wa mchana unavyobeba ule wekundu. Vumbi la milimita moja kila upande wa mfereji wa milimita 10 linakuachia 8, na hapo bado uko pazuri. Vumbi hilohilo kwenye mfereji wa milimita 6 linakuachia 4, na umeona 4 inafanya nini. Hata feni, ambayo ingehalalisha mapezi yako 34, inakula vumbi lilelile, na siku beringi ikikwama unarudi kwenye wati 15 bila taarifa. Kwa pampu ya kijiji, ambayo fundi anafika kwa wiki au mwezi, feni nisingeifunga.

Ni haki niseme kanuni hii inaishia wapi. Inachukulia bamba mbili ndefu, na hewa inayoingia kwa chini tu. Mapezi yako yako wazi mbele, hewa kidogo inaingia kwa huko pia, kwa hiyo ile hitisinki iliyobanwa huenda inatoa zaidi kidogo ya wati 15. Mnunurisho, yaani joto linalotoka kama mionzi, nao sijauhesabu. Hitisinki nyeusi inaongeza wati kumi na kitu, lakini hizo hutoka kwenye umbo la nje, na kuongeza mapezi katikati hakuziongezi. Halafu kuna urefu: pezi fupi lina ngozi nyembamba, kwa hiyo hitisinki ya urefu wa milimita 40 inaridhika na nafasi ya milimita 6. Usichukue milimita 8 ukaipeleka kwenye kila kifaa.

Usiniamini kwa maneno. Washa udi ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, inveta ikiwa imebeba mzigo kwa nusu saa, uweke moshi sentimita mbili chini ya mapezi. Hitisinki inayopumua inauvuta moshi kati ya mapezi na kuutoa juu ukiwa umenyooka. Iliyokabwa moshi wake unafika chini, unasita, kisha unazunguka mbele na kupanda nje ya mapezi. Kama multimita yako ina waya wa kupima joto, pima hewa inayotoka juu katikati ya mfereji. Ikiwa iko karibu sawa na joto la pezi, mfereji umekabwa.

Na tiba usiende kununua. Toa pezi moja, acha moja. Mapezi yako yana unene wa milimita 2 na nafasi za milimita 4, kwa hiyo ukikata la katikati unapata mfereji wa milimita 10 na unabaki na mapezi 17. Hesabu inatoa wati 42, kutoka 15, kwa kutupa nusu ya alumini. Kata kwa msumeno wa chuma hadi karibu na kitako, si lazima uguse kitako chenyewe. Lakini kwanza ifungue kabisa kutoka kwenye inveta. Mimi niliwahi kukata ikiwa bado imefungwa, unga wa alumini ukaingia kwenye bodi, na transista mbili zikaungua nilipowasha. Ukimaliza isugue kwa brashi kavu, paka krimu mpya ya joto, uirudishe mapezi yakiwa wima, kivulini, na kiganja kizima cha nafasi chini na juu yake.

Kisha rudia udi.