Usinipe mita mraba bila urefu na uzito

Karatasi ya dawa za saratani ya mtoto ikiletwa dirishani imeandikwa "0.74 m²" peke yake, mimi huirudisha. Siirudishi kwa sababu hesabu ni mbaya. Huenda ni sahihi kabisa. Nairudisha kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuikagua. Eneo la uso wa mwili halipimwi kwa futi wala mizani. Linakokotolewa kutokana na vipimo viwili, na vipimo hivyo visipokuwepo, mkaguzi anabaki kuamini tu. Mimi ni mfamasia, na kwa dawa hizi sikubali kuamini kuchukue nafasi ya kukagua.

Kwanza, kwa nini dozi ipimwe kwa eneo na si kwa uzito? Chukua mtu mzima wa sentimita 170 na kilo 70. Eneo lake ni mita mraba 1.82 hivi. Akiandikiwa doksorubisini miligramu 25 kwa kila mita mraba, atapata takriban miligramu 45.5, yaani miligramu 0.65 kwa kila kilo. Sasa mchukue mtoto wa kilo 18. Ukimpa kiwango hichohicho cha kwa kilo, anapata miligramu 11.7. Ukienda kwa eneo, anapata 18.5. Tofauti hiyo ni kubwa, na kwa dawa nyingi za saratani kipimo cha eneo ndicho kinachokaribia ukweli zaidi, kwa kuwa mwili mdogo una uso mkubwa ukilinganisha na uzito wake, na kasi ya kuchakata dawa kwenye ini na figo hufuata uso huo kwa karibu kuliko inavyofuata kilo. Ukifuata kilo, mtoto anapunjwa, na saratani iliyopunjwa dawa huweza kurudi.

Kanuni yenyewe ni fupi. Aliyeirahisisha hivi ni Mosteller, mwaka 1987:

```
eneo (m²) = √( urefu (cm) × uzito (kg) ÷ 3600 )
```

Tumchukue mtoto wa miaka mitano mwenye sentimita 110 na kilo 18. Zidisha 110 kwa 18, unapata 1980. Gawanya kwa 3600, unapata 0.55. Tafuta kipeuo cha pili cha 0.55, unapata 0.7416, ambayo tunaiandika 0.74. Mtoto huyu ana lukemia na ameandikiwa vinkristini miligramu 1.5 kwa kila mita mraba. Zidisha 1.5 kwa 0.74, unapata miligramu 1.11. Dawa ikiwa na nguvu ya miligramu 1 kwa mililita, anayeiandaa atavuta mililita 1.1. Vinkristini pia ina kikomo kinachofuatwa sana cha miligramu 2 kwa dozi, haidhuru mgonjwa ana eneo kubwa kiasi gani, kwa sababu huharibu mishipa ya fahamu. Kijana wa sentimita 160 na kilo 50 ana mita mraba 1.49; hesabu itasema miligramu 2.24, lakini atapewa 2. Mtoto wetu yuko chini ya kikomo, kwa hiyo 1.1 inabaki.

Wapo wanaobishana kuhusu kanuni ipi itumike. Ile ya Du Bois na Du Bois ya mwaka 1916, iliyojengwa juu ya vipimo vya watu wachache mno, inatumia vipeo vya desimali visivyokokotoleka kichwani. Nimeijaribu kwa mtoto huyuhuyu: inatoa 0.74. Ubishi huo mimi nauacha kwa watakaoupenda. Hospitali ichague kanuni moja, iishike, na nguvu zielekezwe mahali watoto wanapoumia kweli.

Mahali pa kwanza ni kipeuo kusahaulika. Rudi kwenye hesabu yetu: kabla ya kipeuo tulikuwa na 0.55. Mtu aliyechoka, mwenye kikokotoo mkononi na simu inayoita, anaweza kuishia hapo na kuandika 0.55 m². Hatari ni kwamba namba hiyo haishtui. Inafanana na eneo la mtoto, na kweli ni eneo la mtoto, ila wa kilo 12 hivi. Vinkristini itakuwa miligramu 0.83 badala ya 1.11, robo nzima imepotea, na hakuna dalili itakayomwambia muuguzi kwamba dozi ilikuwa ndogo. Kwa kijana wa kilo 50 kosa linageuka upande wa pili: kabla ya kipeuo ana 2.22, baada yake 1.49. Doksorubisini ya miligramu 25 kwa mita mraba itatoka 55 badala ya 37, na dawa hiyo huudhuru moyo kadiri jumla yake maishani inavyoongezeka.

Namna ya kulikamata kosa hili ni rahisi, mradi vipimo viko kwenye karatasi. Zidisha eneo kwa lenyewe. 0.74 mara 0.74 ni karibu 0.55, na 110 mara 18 gawanya kwa 3600 ni 0.55. Yamekutana. Kwa aliyeandika 0.55, 0.55 mara 0.55 ni 0.30, na hapo pengo linaonekana wazi. Nashauri pia kila mtu wa idara hii awe na alama chache kichwani: mtoto mchanga ni kama 0.2, wa mwaka mmoja ni kama 0.45, wa kilo 30 ni kama 1, mtu mzima ni kama 1.7 au 1.8. Ukijua hizo, mtoto wa kilo 18 mwenye 0.55 anakusimamisha. Lakini kilo 18 lazima iwe imeandikwa mbele yako.

Mahali pa pili, na hapa ndipo nina uchungu zaidi, ni kunakili. Matibabu ya lukemia ya watoto huendelea kwa miaka miwili na zaidi. Mtoto aliyeanza na sentimita 110 na kilo 18 anaweza kufika 123 na kilo 23 kabla hajamaliza. Zidisha, gawanya, tafuta kipeuo: 0.89. Kama karatasi inaendelea kunakiliwa kutoka mwezi hadi mwezi ikibeba 0.74 ya siku ya kwanza, mtoto huyo sasa anapata dozi iliyo chini kwa asilimia 16 hivi. Hakuna aliyekosea hesabu na kila mkono ulinakili kwa uaminifu. Kosa lilizaliwa siku ile eneo lilipoachwa litembee peke yake bila vipimo na tarehe ya kupimwa.

Ajabu ni kwamba kanuni hii yenyewe ina huruma kwa makosa madogo ya mizani. Mtoto wa kilo 18 akisomwa 19, eneo linapanda kutoka 0.74 hadi 0.76, chini ya asilimia 3, kwa sababu kipeuo hupunguza kosa karibu nusu. Kwa hiyo sidai mizani ya maabara. Nadai mtoto apimwe. Urefu upimwe kwenye ubao, bila viatu, visigino vikigusa nyuma, kwa kuwa urefu ndio unaoulizwa kwa mama na kuandikwa kwa kukisia. Uzito nao uchukuliwe kabla mtoto hajawekewa dripu, na ukipanda ghafla iulizwe kwa nini. Mtoto anayetumia predinisoloni anaweza kutoka kilo 18 hadi 21 katika wiki chache, na eneo likafika 0.80. Je, hayo ni mafuta, ni maji, au ni mwili uliorudi baada ya ugonjwa? Daktari ndiye atakayeamua kama dozi ifuate, lakini hawezi kuamua jambo ambalo karatasi imelificha.

Kuna wanaojibu kwamba urefu si lazima. Ni kweli kwamba huko Uingereza kuna majedwali yanayotoa eneo la mtoto kwa uzito peke yake, na yanafanya kazi kwa mtoto mwenye umbo la kawaida. Mtoto aliyekonda sana au aliyejaa maji si huyo. Na hata ukitumia jedwali, uzito na tarehe yake bado vinapaswa kuandikwa.

Kosa baya kuliko yote ni la kipimo: "kwa mita mraba" kusomwa "kwa kilo". Vinkristini 1.5 mara kilo 18 ni miligramu 27, wakati mtoto alihitaji 1.1. Hiyo inaua. Mkaguzi anayeanza na vipimo na kufika mwenyewe kwenye dozi ya mwisho analiona hapohapo. Mkaguzi anayepewa jibu na kuombwa saini anaweza kulipita. Ndiyo maana nasisitiza mtu wa pili asioneshwe hesabu ya mwenzake mpaka amalize yake.

Kwa watoto wachanga kanuni yenyewe huanza kuwa hatari. Mtoto wa kilo 5.5 na sentimita 60 ana eneo la 0.30, na vinkristini kwa eneo ingekuwa miligramu 0.45. Lakini ini lake bado halijakomaa, na uso wake ni mkubwa mno kwa kilo zake, hivyo kanuni inampandishia dozi. Taratibu nyingi za matibabu humhamisha mtoto wa chini ya kilo 10, au wa chini ya mwaka mmoja, kwenye dozi ya kwa kilo: unagawanya dozi ya mita mraba kwa 30, kwa kuwa mtoto wa mita mraba moja ana kilo 30 hivi. 1.5 gawanya kwa 30 ni 0.05, na 0.05 mara 5.5 ni miligramu 0.275. Angepewa 0.45, angekuwa amezidishiwa kwa zaidi ya nusu.

Na kuna dozi moja ambayo mita mraba haiingii kabisa. Ni methotreksati inayochomwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Zamani ilipimwa kwa eneo, miligramu 12 kwa mita mraba, hadi ilipobainika kwamba maji hayo hufikia kiasi cha mtu mzima mtoto akiwa na miaka mitatu hivi, mwili wake ukiwa bado mdogo. Mtoto wetu wa 0.74 angepewa karibu miligramu 9. Leo hupimwa kwa umri: 6 chini ya mwaka, 8 akiwa na mwaka mmoja, 10 akiwa na miwili, na 12 kuanzia mitatu. Huyu wa miaka mitano anapata 12 kamili, sawa na mtu mzima, na kwa ajili ya sindano hiyo karatasi inahitaji kitu cha tatu kando ya urefu na uzito: tarehe ya kuzaliwa.