Shukrani za mpangaji na paa linalovuja

Nyumba iko Tanga. Mwenyewe ni dada aliyeirithi kwa baba yake, amezaliwa na kukulia Kanada, na Kiswahili chake hakivuki salamu. Alituma pesa za matengenezo mawili kwa mpigo, paa na bomba. Fundi wa paa akaja, wa bomba akawa bado. Baada ya mvua, mpangaji akamwandikia hivi:

"Dada, ahsante sana kwa fundi uliyetuletea. Ni fundi kweli kweli. Tangu aondoke hatuna haja ya kwenda kuchota, maji tunayapata humu humu ndani. Mungu akuzidishie."

Ndugu mmoja akautafsiri kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kosa hata moja la sarufi. Dada akajibu kwamba amefurahi kusikia bomba limepona. Unaweza kufikiria mpangaji alivyolipokea jibu hilo, ndoo zikiwa bado sebuleni.

Shuleni tulifundishwa kwamba kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia. Sawa, lakini hapo kuna jambo linaloachwa: mpangaji hakukusudia kumdanganya mtu. Alitegemea kwamba msomaji anajua paa linavuja. Kinaya chake kimesimama juu ya jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye ujumbe, na tafsiri ya neno kwa neno husafirisha kilichoandikwa tu.

Mfasiri angejuaje? Mimi huanza na mambo yenyewe kabla ya maneno. Nani amekuja, amefanya nini, mvua imenyesha lini? Sifa zikigongana na hali halisi, nashtuka. Halafu naangalia mazoea ya mwandishi. Huyu mpangaji kila akiandika huanza na salamu ndefu na kumaliza na ombi. Safari hii hakuna salamu, hakuna ombi, kuna dua tu. Kwetu "Mungu akuzidishie" ikitoka kwa mtu aliyenuna si ya kuitikia amina upesi. Vijana wananiambia tazama zile irabu zinazovutwa, "ahsanteee", lakini dalili hiyo siiamini sana, maana mtu huvuta hivyo hivyo akiwa na furaha.

Ukishajua kwamba ni kejeli, ndipo kazi inapoanza, na hapa nabishana na wenzangu wengi. Wao husema: andika maana. Yaani kwa Kiingereza dada asome kwamba fundi wake ameharibu na paa linavuja. Ujumbe umefika, ni kweli, lakini mpangaji amegeuzwa mgomvi. Yeye alichagua kushukuru makusudi. Dada akikasirika, mpangaji anaweza kusema, "Mimi si nilishukuru tu?" Kodi ni ya watu wawili wasio na nguvu sawa, na kinga hiyo ndogo ni yake. Mfasiri hana ruhusa ya kumvua.

Ningefanya hivi: shukrani ningeziacha palepale, ila lile jambo ambalo halikuandikwa ningeliingiza ndani ya sentensi. Kwa Kiingereza dada angesoma maneno yenye maana hii: "Ahsante sana kwa fundi wa paa. Ni bingwa. Tangu aondoke hatuendi tena kuchota maji, mvua inatuletea hadi sebuleni." Nimeongeza paa, mvua na sebule, vitu vitatu ambavyo mpangaji alidhani vinajulikana. Sasa mgongano wa sifa na hali uko mbele ya macho ya msomaji, naye atacheka au atanuna mwenyewe. Ile dua ningeiacha nje, kwa sababu kwa Kiingereza ingesomeka kama upole wa mtu wa dini na kuupooza mkuki wote. Najua kuna watakaoniita mwizi kwa hilo.

Uhuru huu una mipaka yake. Ujumbe huohuo ukipelekwa mahakamani kama ushahidi wa mgogoro wa kodi, siongezi paa wala sipunguzi dua. Natafsiri maneno yalivyo, kisha kwenye mabano ya mraba naeleza kwamba shukrani hizi zinaweza kusomwa kama kejeli na kwa nini. Kuamua ni kazi ya hakimu.

Na pale ambapo siwezi kujua kabisa, nampigia mwandishi simu. Wala simuulizi kama alikuwa anakejeli, maana atakana, na ana haki ya kukana. Namuuliza, "Paa linaendeleaje?" Sekunde mbili za kwanza za jibu lake, kabla hajatamka neno, mara nyingi zinatosha.